Kodi ya Mkulima Katika Mwaka wa Neema na Mwaka wa Ukame

Kodi ya mapato huhesabiwa kwa mwaka, na kwa mtu binafsi nchini Kenya mwaka huo huanza Januari 1 na kwisha Desemba 31. Kwa mwalimu wa shule ya Faza au karani wa kaunti mjini Amu, kipimo hicho hakina taabu, kwa kuwa mshahara wa mwaka huu unafanana na wa mwaka uliopita. Kwa mkulima wa Hindi, Witu au Mpeketoni, mwaka mmoja hauelezi mengi. Shamba linalotegemea masika ya Aprili hadi Juni linaweza kutoa pamba, simsim na mahindi ya kujaza ghala, kisha likakaa misimu miwili bila kurudisha hata gharama ya trekta. Ukame wa 2020 hadi 2022, ambapo misimu mitano ya mvua ilifululiza kuwa mibovu katika sehemu kubwa ya kaskazini na mashariki mwa Kenya, ni mfano ulio karibu. Wakulima wa bara ya Lamu wana mengine pia ya kuhesabu, kama nyati na nyani wanaoingia mashambani, na vipindi vya mashambulizi ambapo watu huhama vijiji mazao yakiwa bado shambani.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya, Sura ya 470, haina kifungu kinachomruhusu mkulima kujumlisha miaka mizuri na mibaya na kulipa kwa wastani wake. Kila mwaka husimama peke yake. Ndani ya sheria hiyo, hata hivyo, kuna vifungu kadhaa vinavyofanya sehemu ya kazi ya wastani, kila kimoja kwa namna yake na kwa mapengo yake.

Kinachomuumiza mkulima ni ngazi za kodi. Tangu Julai 2023, mkaazi wa Kenya hutozwa asilimia 10 kwa shilingi 288,000 za kwanza za mapato ya mwaka, asilimia 25 kwa shilingi 100,000 zinazofuata, na asilimia 30 kwa kiasi kinachovuka shilingi 388,000 hadi kufikia milioni 6. Juu ya hapo zipo ngazi mbili nyingine ambazo wakulima wachache mno wa Lamu watazigusa. Kutoka katika kodi hiyo hutolewa nafuu ya mtu binafsi ya shilingi 28,800 kwa mwaka, ambayo ni sawasawa na kodi yote ya ngazi ya kwanza. Kwa hiyo mkulima ambaye faida yake haizidi shilingi 288,000 halipi chochote, na wengi wa visiwani na bara wako humo, mwaka wa neema na mwaka wa ukame. Suala la wastani linawagusa wale walio juu kidogo: mwenye ekari thelathini za pamba na simsim, mwenye shamba kubwa la miembe, familia inayokodi mashamba ya jirani mvua zikionekana nzuri.

Nafuu ya shilingi 28,800 haiwekwi akiba. Mwaka ambao mkulima hakupata kitu, nafuu hiyo hupotea, pamoja na nafasi tupu katika ngazi ya asilimia 10 na ile ya asilimia 25. Mwaka unaofuata, mavuno yakiwa mazuri, faida hurundikana kwenye ngazi ya asilimia 30, huku ngazi za chini za mwaka wa njaa zimekwisha kupita bila kutumika.

Chukua mkulima wa kubuni karibu na Mpeketoni, mwenye ekari 30. Mwaka wa kwanza mauzo yake ya pamba, simsim na maembe yanafika shilingi 1,460,000 na gharama ni 640,000, hivyo faida ni 820,000. Mwaka wa pili mvua zinakatika mapema; anauza bidhaa za shilingi 260,000 baada ya kutumia 440,000, na kubaki na hasara ya 180,000. Mwaka wa tatu anauza za 600,000 kwa gharama ya 480,000, faida 120,000. Mwaka wa nne mauzo ni 1,300,000, gharama 620,000, faida 680,000. Ukijumlisha faida na kuondoa hasara, miaka minne imempa shilingi 1,440,000, yaani 360,000 kwa mwaka.

Mtu ambaye angepata shilingi 360,000 kila mwaka bila kupanda wala kushuka angelipa, baada ya nafuu, shilingi 18,000 kwa mwaka na 72,000 kwa miaka minne. Mkulima wetu, akihesabiwa kwa utaratibu wa kawaida, mwaka wa kwanza hulipa 154,600. Mwaka wa pili halipi. Mwaka wa tatu halipi, kwa kuwa hasara ya mwaka wa pili inafuta faida yote ya 120,000 na bado 60,000 za hasara zinabaki. Mwaka wa nne anatoa hizo 60,000 kutoka katika faida ya 680,000, anatozwa kwa 620,000 na kulipa 94,600. Jumla ni shilingi 249,200. Kipato cha miaka minne ni kilekile, lakini kodi imekuwa zaidi ya mara tatu ya ile ya mwenye kipato tulivu. Tofauti hiyo ya shilingi 177,200 haikuletwa na utajiri wowote, imeletwa na mvua.

Hesabu hii nzima imesimama juu ya neno faida, na faida ya shamba hupatikana baada ya pembejeo na gharama nyingine kuondolewa. Kifungu cha 15 cha sheria huruhusu kuondoa gharama iliyotumika yote, na kwa ajili hiyo tu, katika kuzalisha mapato. Katika zile 640,000 za mwaka wa kwanza, tuseme shilingi 120,000 ni za trekta, ekari thelathini kwa 4,000 kila moja. Mbegu ni 60,000. Mbolea ni mifuko 40 ya ruzuku kwa shilingi 2,500, yaani 100,000. Dawa za wadudu ni 80,000, vibarua wa palizi na wa kuchuma pamba 210,000, na magunia pamoja na usafiri 70,000. Zote hizo hutolewa katika mwaka zilipotumika.

Panapozuka utata ni pembeni mwa orodha hiyo. Mbolea ya ruzuku huondolewa kwa bei aliyolipa mkulima. Tofauti kati ya 2,500 na bei ya dukani ililipwa na serikali, na mkulima hawezi kudai gharama ambayo hakuitoa. Mbegu alizojiwekea kutoka mavuno ya mwaka uliopita nazo hazina bei ya kudai, kwa sababu gharama ya kuzikuza ilikwisha kutolewa mwaka huo. Kazi ya mkulima mwenyewe, na ya mkewe na wanawe wasiolipwa, haihesabiwi. Mahindi yaliyoliwa nyumbani si gharama, na karo ya watoto pia si gharama, hata ikiwa imelipwa kwa fedha za pamba siku ileile pamba ilipopimwa.

Wengine hufikiri kwamba mwaka ukiwa mzuri wanaweza kuipunguza faida kwa kununua mbolea ya msimu ujao mwezi Desemba. Hilo halifiki mbali. Mbolea iliyobaki stoo Desemba 31 ni mali iliyopo, na huhesabiwa hivyo katika kufunga hesabu; gharama yake huhamia mwaka itakapotiwa ardhini. Simsim iliyovunwa na kuwekwa ghalani kungojea bei nayo hufanyiwa vivyo hivyo: huingia katika hesabu ya kufunga mwaka kama bidhaa mkononi, kwa gharama yake au kwa bei ya soko ikiwa imeshuka chini ya gharama. Pamba ina utata wa ziada kwa kuwa uchumaji wake unaweza kuvuka mwaka. Pembejeo zinaangukia mwaka mmoja na sehemu ya mauzo mwaka mwingine, na mkulima asiyehesabu mzigo uliobaki ghalani atajikuta na faida ndogo ya uongo mwaka huu na kubwa ya uongo mwaka ujao. Katika mfumo wa ngazi, mpishano huo una gharama yake.

Halafu kuna stakabadhi. Tangu Januari 2024, gharama ya biashara haikubaliwi katika hesabu ya kodi isipokuwa ina ankara ya kielektroniki iliyotolewa kupitia eTIMS, mfumo wa Mamlaka ya Ushuru Kenya. Mishahara na malipo ya vibarua hayahitaji ankara hiyo, ingawa yanahitaji kumbukumbu: jina, siku, kazi na kiasi, pamoja na ujumbe wa M-Pesa ikiwa malipo yalipita huko. Muuza dawa za kilimo, mwenye trekta na mwenye lori wanatakiwa kuitoa. Mkulima wetu akikosa ankara za dawa, magunia na usafiri, shilingi 150,000 hurudishwa kwenye faida ya mwaka wa kwanza, na kwa ngazi ya asilimia 30 hilo ni ongezeko la kodi la shilingi 45,000. Ankara zilezile zikikosekana mwaka wa ukame, hapatakuwa na kodi ya kulipa siku hiyo, lakini hasara ya kusogeza mbele itapungua, na pigo litaonekana miaka miwili baadaye wakati hakuna anayekumbuka lilitoka wapi. Kwa upande wa mauzo sheria imekuwa laini zaidi. Marekebisho ya Desemba 2024 yanamtaka mnunuzi ndiye atoe ankara anaponunua kutoka kwa mkulima mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 5 kwa mwaka. Kumbukumbu zote hutakiwa kutunzwa kwa miaka mitano.

Gharama za kudumu zina njia zao. Uzio, mabirika ya maji, mifereji, nyumba za wafanyakazi na kazi nyingine za shamba za aina hiyo hukatwa nusu katika mwaka wa kwanza wa matumizi, na kinachobaki kwa robo robo. Kusafisha ardhi na kupanda mimea ya kudumu, kwa Lamu yaani mikorosho, minazi na miembe, kumepewa upendeleo mkubwa zaidi, kwani gharama yake huondolewa yote mwaka huohuo ingawa mti utazaa kwa miongo. Upendeleo huu ni mzuri kwa mwenye faida nyingine ya shamba ya kupunguza. Kwa asiye nayo, gharama hiyo hugeuka hasara na kungojea.

Hasara ya shamba, kwa mujibu wa sheria, husogezwa mbele. Haisogezwi nyuma. Tofauti hii si ndogo. Kama hasara ya 180,000 ya mwaka wa pili ingeruhusiwa kurudi mwaka wa kwanza, ingeishusha faida ya 820,000 hadi 640,000 na kumrudishia mkulima shilingi 54,000, tena katika mwaka wa ukame ambapo fedha hizo zingenunua mbegu. Iliposogezwa mbele, imemwokolea shilingi 18,000 peke yake, zile za mwaka wa nne. Sehemu kubwa yake, shilingi 120,000, ilimezwa na faida ya mwaka wa tatu, faida ambayo kwa udogo wake isingelipiwa kodi hata hivyo. Sheria haimpi mkulima nafasi ya kuruka mwaka mdogo na kuitunza hasara kwa mwaka mkubwa. Hasara huliwa na faida ya kwanza inayotokea, hata kama haikuhitaji msaada.

Muda wa kusogeza umebadilishwa mara kwa mara na bunge. Sheria ya Fedha ya 2021 iliondoa ukomo wa miaka kumi uliokuwapo, na Sheria ya Fedha ya 2025 ikarudisha ukomo, safari hii wa miaka mitano. Kwa mkulima wa mahindi, miaka mitano inatosha karibu kila mara. Kwa mpanda minazi, haitoshi. Mnazi mrefu wa pwani huanza kuzaa baada ya miaka sita au saba, hivyo mtu wa Pate au Siyu anayesafisha shamba na kupanda minazi mitupu, bila zao jingine la kuleta faida katikati, ataona hasara ya upanzi ikifa kabla ya nazi ya kwanza kuanguka. Mkorosho huwahi zaidi, kuanzia mwaka wa tatu hivi. Anayepanda simsim au pojo katikati ya miti hii, ikiwa mvua zimekubali, anaweza kuitumia gharama ya miti kupunguza faida ya mazao mafupi. Hiyo ni hoja ya kodi inayounga mkono desturi ya zamani ya pwani ya kuchanganya miti na mazao, ingawa walioanzisha desturi hiyo hawakuwa wakifikiria kodi.

Hasara ya shamba pia imefungiwa ndani ya shamba. Kifungu cha 15 hutenga mapato kwa vyanzo, na kilimo, ufugaji, bustani na misitu ni chanzo kimoja. Kinachopotea humo hakiwezi kupunguza mapato ya chanzo kingine. Mwalimu mwenye mshahara na shamba Hindi hawezi kuuondolea mshahara wake hasara ya pamba, na mwenye mashua ya abiria kati ya Mokowe na Amu hawezi kuiondolea nauli. Sababu inaeleweka: bila ukuta huo, watu wa mjini wenye mishahara minono wangenunua mashamba ya hasara ya kudumu ili wasilipe kodi. Lakini Lamu watu wengi huishi kwa kazi mbili au tatu kwa makusudi, kwa vile moja ikikwama nyingine inashika, na ukuta huo huwaangukia na wao.

Namna ya kulipa ndani ya mwaka ina huruma kidogo kwa mkulima. Walipakodi wengine ambao kodi yao ya mwaka inazidi shilingi 40,000 hulipa kwa awamu nne. Mkulima hulipa kwa mbili: asilimia 75 kufikia Septemba 20 na asilimia 25 kufikia Desemba 20. Ritani yenyewe huwasilishwa kupitia iTax kufikia Juni 30 ya mwaka unaofuata. Mwezi wa Septemba umechaguliwa kwa busara, kwa maana mavuno ya masika yamekwisha kujulikana. Tatizo liko katika kiasi. Awamu inaweza kuhesabiwa kwa njia mbili: asilimia 110 ya kodi ya mwaka uliopita, au makadirio ya mwaka huu. Mkulima wetu, aliyelipa 154,600 mwaka wa kwanza, akifuata njia ya kwanza bila kufikiri atatakiwa kutoa shilingi 127,545 Septemba ya mwaka wa ukame, na tena 42,515 Desemba, kwa kodi ambayo mwishoni itaonekana ni sifuri. Fedha hizo zinaweza kudaiwa kurudishwa, na madai ya kurudishiwa hayana haraka. Njia ya pili, ya kukadiria, ndiyo yake mwaka huo. Akikadiria chini kupita kiasi, hata hivyo, kiasi kilichopungua huanza kulimbikiza riba ya asilimia 1 kwa mwezi, kwa hiyo kadirio linahitaji kuwa na hesabu nyuma yake: gunia zilizovunwa, pamba iliyobaki mitini, bei ya siku hiyo.

Yote yaliyoelezwa hadi hapa yanahusu utaratibu wa kawaida. Mauzo ya mwaka yakizidi au yakitarajiwa kuzidi shilingi milioni 1 bila kupita milioni 25, mkulima huingia moja kwa moja katika kodi ya mauzo ghafi, ambayo tangu Sheria ya Fedha ya 2023 ni asilimia 3 ya mauzo, ikilipwa kila mwezi kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Humo hakuna kuondoa mbegu, mbolea wala vibarua. Anayetaka utaratibu wa kawaida lazima amwandikie Kamishna kwamba amechagua kujitoa.

Hesabu ya mkulima wetu chini ya kodi hii inashangaza. Mwaka wa kwanza angelipa 43,800 badala ya 154,600, na mwaka wa nne 39,000. Miaka miwili ya katikati mauzo yako chini ya milioni, na kwa utaratibu wa kawaida hadaiwi. Jumla ni shilingi 82,800 kwa miaka minne, karibu sawa na zile 72,000 za mtu mwenye kipato tulivu. Sababu ni kwamba kiwango kimoja cha asilimia 3 hakina ngazi, na pasipo ngazi kuyumba kwa mavuno hakuongezi kodi. Kodi isiyojua lolote kuhusu mkulima imemtendea vyema kuliko ile inayomuuliza kila kitu.

Ila inamtendea vyema akiwa na faida nene. Mwaka ambao mauzo ni shilingi 1,200,000 na gharama 1,150,000, kwa mfano mvua zilipokuwa nzuri lakini viwavi wakala dawa za mamia ya maelfu, faida ni 50,000. Kwa utaratibu wa kawaida kodi ni sifuri. Kwa mauzo ghafi ni 36,000, zaidi ya theluthi mbili ya faida yote. Na mkulima hulazimika kuchagua kabla hajajua mwaka utakuwaje. Kasoro hiyohiyo imo katika pendekezo la Mkakati wa Mapato wa Muda wa Kati wa 2024/25 hadi 2026/27, la kukata kodi isiyozidi asilimia 5 kwa mazao yanayopelekwa kwenye vyama vya ushirika na vikundi vilivyopangika: mkato hufanywa mzani unaposoma uzito, bila kujua kilo hizo ziligharimu nini.

Nchi kadhaa zilizo na wakulima wa mvua za kubahatisha zimechukua njia ya wastani wazi wazi, na hazikuijenga kwa namna moja. Uingereza, tangu 1978, humruhusu mkulima kuunganisha faida ya miaka miwili inayofuatana na kuigawa sawa, iwapo mwaka mmoja uko chini ya asilimia 75 ya mwingine. Tangu 2016 anaweza kuchagua miaka mitano badala ya miwili. Mwaka wa hasara huhesabiwa kuwa sifuri, na hasara hushughulikiwa kivyake. Kwa ngazi za Kenya, faida ya 820,000 ya mwaka wa kwanza ikigawanywa na mwaka wa pili ingekuwa 410,000 kwa kila mwaka, kodi 31,600 kila mmoja, jumla 63,200 badala ya 154,600, huku hasara ya 180,000 ikiwa haijaguswa.

Ailandi hutumia wastani wa miaka mitano kama kipimo cha kodi ya mwaka. Ubaya wa njia hii huonekana pale mwaka mbaya unapofuata mizuri, kwani mkulima hutozwa kwa wastani mkubwa wakati mkononi hana kitu. Ailandi yenyewe ililazimika baadaye kuruhusu wakulima kujitoa kwa mwaka mmoja mbaya. Marekani, kwa sheria ya 1997, iligeuza mwelekeo: katika mwaka mzuri mkulima huchagua sehemu ya faida na kuigawa kwa tatu, kisha kila theluthi hutozwa kwa viwango vya mojawapo ya miaka mitatu iliyopita. Nafasi tupu za ngazi za miaka mibaya hutumika baadaye, na mwaka mbaya wenyewe hauletewi bili mpya. Kwa shamba la Lamu, ambako fedha taslimu ndizo hukosekana kwanza, muundo huu ndio unaofaa kuliko mingine. Marekani iliupanua mwaka 2004 uwahusu wavuvi pia, jambo ambalo watu wa Kizingitini wangelielewa bila maelezo.

Australia huongezea wastani wake wa miaka hadi mitano kitu kingine: amana ya shamba. Mkulima huweka fedha benki katika mwaka wa neema, kiasi hicho huondolewa katika mapato ya mwaka huo, na hutozwa kodi katika mwaka anapozitoa. Kwa kawaida fedha hukaa walau miezi 12, na ukame huruhusu kutoa mapema. Mkulima wetu angeweka, tuseme, shilingi 400,000 mwaka wa kwanza, akatozwa kwa 420,000 tu na kulipa 34,600. Mwaka wa pili angetoa 400,000. Baada ya hasara ya 180,000 kufutwa, angebaki na mapato ya 220,000, ambayo hayana kodi. Amana hiyo ingefanya kazi hata isipokuwa na riba, na pwani hiyo si hoja ndogo, kwa kuwa Waislamu wengi hawataki akaunti ya riba. Faida yake iko katika tarehe ya kodi, haiko katika kuzaa kwa fedha. Ili sheria ya namna hiyo ifanye kazi Kenya, ingebidi ieleze nani ni mkulima, iweke kikomo cha amana, na itamke kwamba fedha zinazotolewa hurudi katika chanzo kilekile cha kilimo. Vinginevyo hasara ya mwaka wa ukame, iliyofungiwa ndani ya shamba, haitaweza kukutana nazo.